Barua Isiyopigwa Muhuri

Tangazo la ukutani niliandika mimi mwenyewe, kwa wino mwekundu, na nilikuwa naliona zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Lilisema kwamba anayetaka kujitoa katika safari ya Hija na kurudishiwa fedha zake alete barua kabla ya kumalizika tarehe 31 Agosti, na kwamba baada ya hapo fedha hazirudishwi. Chini ya neno hazirudishwi nilipiga mistari miwili, kwa sababu mmoja niliuona haukutosha.

Mimi ndiye karani wa Kamati ya Mahujaji ya hapa Tabora, na mwaka huo wa 1974 nilikuwa na miaka thelathini na moja na kiburi cha mtu mwenye muhuri. Ofisi ni chumba kimoja pale Gongoni, nyuma ya msikiti, chenye meza, benchi na mashine ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya "r" imekatika mguu. Watu walidhani nimetunga sheria ile ili kuwakomoa, lakini haikuwa hivyo. Kila mwanzo wa Septemba Mwenyekiti wetu, Alhaji Twalibu, hupanda treni hadi Dar es Salaam, Benki Kuu ikatoa kibali, fedha za mahujaji zikageuzwa za kigeni na kulipwa shirika la ndege na wenye nyumba za kule Makka. Zikishatoka, kamati haina kitu. Nikimrudishia mmoja, nampa nauli ya mwenzake.

Hayo nilikuwa nayasema bila kusita. Yaliyonipata ni kwamba niliyasema hivyo hivyo kwa Humaidi, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi.

Humaidi ni fundi cherehani, mtu mpole, shati lake siku zote lina vipande vya uzi. Aliingia, akaniamkia vizuri, akakaa kwenye benchi, kisha akatoa bahasha mfukoni na kuiweka mezani kwa mikono miwili.

"Nimetumwa na dada," alisema. "Yeye yumo kwenye eda, hawezi kutoka."

Dada yake ni Bi Zeyana. Mumewe, Mzee Sulemani, fundi baiskeli wa Kanyenye, alifariki tarehe tisa ya Ramadhani. Nilikuwepo mazishini. Wote wawili, mume na mke, walikuwa kwenye orodha yangu ya mahujaji kumi na wanane. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, haondoki nyumbani kwake, na ndege yetu ilikuwa ya Desemba. Kwa hiyo safari ya nyumba ile ilikuwa imekufa yote, ya mume na ya mke.

Niliitazama bahasha. Niliwahi kuiona. Juu yake, kwa hati ya mtu aliyezoea spana kuliko kalamu, iliandikwa: "Kwa Karani, Kamati ya Mahujaji. Kurudishiwa fedha. 31/8/74." Ilikuwa bado imebandikwa kwa gundi.

"Dada ameikuta kwenye koti la shemeji," alisema Humaidi. "Hakuifungua. Anasema imeandikiwa karani, ni amana, si yake kuifungua. Lakini nje imeandikwa kurudishiwa fedha, na tarehe imo ndani ya muda wenu. Basi anasema, kama marehemu alitaka fedha zake, apewe fedha zake, zote, za kwake na za dada. Yeye hazitaki hata kuziona. Zikitoka, zitolewe sadaka."

"Hazitaki?"

Humaidi alivuta uzi kwenye shati lake, akauzungusha kidoleni. "Wewe unajua ile safari ilikuwa nini kwake."

Nilijua. Kanyenye nzima ilijua. Bi Zeyana alipoposwa, miaka ishirini na miwili nyuma, wazee walimuuliza anataka mahari gani. Wenzake walitaja dhahabu, wengine cherehani. Yeye alisema anataka apelekwe Makka. Sulemani wakati ule alikuwa kijana anaziba pancha barazani kwa mtu, hata pampu ilikuwa ya kuazima, na akakubali mbele ya mashahidi. Watu walicheka. Miaka ishirini na miwili aliweka kidogo kidogo, mpaka mwaka huo akaja ofisini kwangu na kuwaandikisha wote wawili. Penye risiti ya mkewe aliniomba niandike "mahari" na nikaandika, ingawa hakuna mahali pake katika fomu.

"Sasa," alisema Humaidi, "mtu amekaa na mkewe miaka yote hiyo, halafu anakwenda kimyakimya kuiondoa mahari yake. Asimwambie. Dada halii tena kifo, ndugu yangu. Analia hilo."

Hapo ndipo iliponipasa kusema jambo, nami sikulisema. Niliisukuma bahasha irudi upande wake bila kuifungua, maana barua ukishaifungua umeipokea, na ukishaipokea lazima uipige muhuri wa tarehe.

"Barua hii haina muhuri wa kupokelewa," nilimwambia. "Tarehe inayohesabiwa ni ya kupokelewa hapa, si ya kuandikwa. Leo ni ishirini na moja Oktoba. Fedha zilishakwenda. Siwezi kurudisha, Humaidi. Nasikitika sana."

"Mzee Sulemani hakuja hapa siku ile?"

"Daftari halionyeshi."

Na kweli daftari lilikuwa halionyeshi. Humaidi aliichukua bahasha polepole. Mlangoni akageuka. "Dada alisema kama ni hapana, aje aiseme mwenye hapana yake."

Jioni nilimsimulia mke wangu Tatu, nikitumaini ataniambia nimefanya sawa. Alikuwa anachekecha ule unga wa njano tuliokuwa tukiupangia foleni mwaka ule wa njaa, na hakuinua kichwa.

"Umemwambia hapana," alisema. "Ulimwambia na kilichobaki?"

"Kilichobaki nini?"

"Si wewe ndiye unanikera kila mwaka na vifungu vyako? Kubadilisha jina, kusogeza mwaka, hija ya badala. Kumbe unavijua vya kunikera mimi tu. Mjane mwenye kilio umempa mistari miwili myekundu, basi."

Nilikasirika, kama ninavyokasirika nikiambiwa kweli. Kesho yake alasiri nilimwomba anisindikize, tukaenda Kanyenye.

Nyumba ya marehemu iko karibu na reli. Barazani baiskeli mbili za watu zilikuwa zimeegemea ukuta bila magurudumu, zikisubiri fundi ambaye hatazirudia. Humaidi alitupokea. Tatu aliingizwa ndani, mimi nikakalishwa kwenye kiti cha ukindu mbele ya pazia la kitambaa cheusi. Nyuma ya pazia nilisikia mkeka ukikwaruza, mtu akikaa.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, Mfaume. Hamjambo huko kwako?"

"Hatujambo, mama. Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa. Haya, sema ulichokuja kusema. Nilitaka nikisikie kwako."

Nilikohoa. Ofisini maneno yale huwa mepesi, pale kila moja nililiinua kwa nguvu.

"Mama, ombi la kurudishiwa fedha nimelikataa. Muda wa kurudisha uliisha Agosti, na fedha hazipo tena kwa kamati, zimelipwa ndege na malazi. Hilo halitabadilika, hata nikienda kwa Mwenyekiti. Nisingependa ukae hapa unangojea jambo ambalo haliji. Lakini jana nilikosea, sikumwambia Humaidi yaliyobaki. Yapo."

"Yaseme."

"Kiti chako wewe kinaweza kusogezwa hadi mwakani. Eda ni udhuru wa sheria, kamati inaukubali mara moja. Ninao watu wawili wanaosubiri nafasi, mmoja ni mkulima wa tumbaku wa Usoke. Huyo ataingia penye kiti chako mwaka huu, fedha atakazolipa zitakaa kwa kamati kwa jina lako. Mwakani nauli ikipanda utaongeza. Na mwakani ukighairi kabla ya mwisho wa Agosti, utarudishiwa zote."

"Mwakani nitakwenda na nani? Mwanamke haendi peke yake."

"Na maharimu wako. Humaidi ni kaka yako, anafaa, ila atahitaji nauli yake."

Humaidi alicheka kidogo bila furaha. Nauli ya Humaidi ilikuwa kushona miaka kumi.

"Na kiti cha marehemu?" aliuliza Bi Zeyana. Ndugu wa Sulemani walikwisha sema kwamba kiti kile ni juu ya mjane, aamue yeye.

"Cha marehemu hakisogezwi mwakani. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha jina. Mtu wa pili anayesubiri ataingia mahali pake, na atakulipa wewe mkononi kile alichokuwa amelipa marehemu. Mwisho wa kubadilisha majina ni tarehe thelathini na moja ya mwezi huu, kwa sababu siku inayofuata pasi zinapelekwa kuombewa viza."

"Hiyo si ndiyo kurudishiwa?" Humaidi aliingilia. "Jana ulinikatalia nini basi?"

"Kamati hairudishi, ndugu yangu. Anayelipa ni yule anayeingia. Asipopatikana mtu, hakuna fedha. Mwaka huu bahati wapo."

"Na njia ya pili?" Sauti ya nyuma ya pazia haikubadilika.

"Hija ya badala. Mtu aliyekwisha kuhiji hija yake mwenyewe anakaa kiti kile na kuhiji kwa niaba ya marehemu, kwa jina lake. Hapo hupati fedha, ila marehemu anapata Hija yake."

Nje gari la mizigo lilikuwa likipanga mabehewa, vyuma vikigongana.

"Kama ni hivyo, chukua njia ya kwanza," alisema mwishowe. "Uza. Viti vyote viwili, wakae hao wawili. Yeye mwenyewe alitaka fedha. Alikuja kwako na barua ya kuchukua fedha, hata mimi mwenye mahari hakuniambia. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nikiwajibu wanaonicheka. Wakisema, Zeyana, mumeo atakupeleka Makka kwa baiskeli? Nasema, hata kwa baiskeli nitapanda. Ningemsamehe mahari, Mfaume. Wanawake wanasamehe, ni neno moja. Sikumsamehe kwa sababu nilijua atalipa, na nilitaka awe amelipa. Sasa amekufa hakulipa, na kabla hajafa aliirudisha nyuma."

Sauti ilivunjika hapo, na nikamsikia mke wangu akimwambia pole, pole mama. Nilijiona mdogo kwenye kiti kile. Nilikuwa nimedhani nimekuja kumweleza mtu vifungu.

"Bahasha iko wapi?" niliuliza.

"Ninayo."

"Nipe. Imeandikiwa mimi."

Mkono ulitoka pembeni mwa pazia, umefunikwa kwa kanga, ukaniwekea bahasha kiganjani. Niliifungua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari la shule, mistari saba tu. Niliisoma kimoyomoyo kwanza, na nilipofika mwisho nilitamani niwe mahali pengine popote, hata kijijini Kigwa nikilima kwenye jua kali, kuliko pale.

"Nisomee," alisema.

Nilisoma. "'Kwa Karani. Salamu. Mimi Sulemani naomba kurudishiwa fedha zangu za Hija kwa sababu ya maradhi. Sina hakika ya kufika Desemba. Za mke wangu Zeyana zisiguswe, ni mahari yake. Fedha yangu hiyo naomba alipiwe shemeji yangu Humaidi, amsindikize dada yake, kwa kuwa mimi sitaweza kumpeleka na nilikubali mbele ya watu. Asiambiwe mpaka mimi nimwambie. Wako, Sulemani, fundi baiskeli.'"

Humaidi aliinamisha kichwa, akakitia katikati ya magoti. Nyuma ya pazia sikusikia kilio, nilisikia pumzi tu, ndefu, inayoingia na kutoka.

"Soma tena," alisema Bi Zeyana. "Pale pa mahari."

Nikasoma tena pale pa mahari. Kisha akataka nirudie pale pa kukubali mbele ya watu, nikarudia.

Ningeweza kunyamaza. Barua ilikuwa imekwisha kunifanyia kazi, mjane alikuwa amesharudishiwa mumewe. Lakini kulikuwa na swali ambalo lingefika tu, na nilitaka liishe siku ile.

"Mama, siku ile alikuja. Jana Humaidi aliniuliza, nikamjibu kwamba daftari halionyeshi. Daftari halionyeshi kwa sababu sikuandika. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye benchi, anakohoa, akaitoa bahasha hii nusu mfukoni. Nikamwambia, mzee, hiyo kama ni ya kujitoa irudishe, ukijitoa wewe mama atapelekwa na nani, wewe utapona, nenda kapumzike. Akaniuliza, na kubadilisha jina je? Nikamwambia majina yanabadilishwa mpaka mwisho wa Oktoba, hamna haraka. Akacheka. Akasema, basi hamna haraka. Akairudisha mfukoni akaenda zake."

"Ulikuwa unamtia moyo," alisema Humaidi, akinitafutia njia ya kutokea.

"Nilikuwa nimemaliza kupiga chapa orodha," nilisema. "Nakala nne, kwa karatasi za kaboni. Majina kumi na manane, hakuna kosa hata moja. Nilijua akitoka mmoja nitaanza upya. Na kumtia moyo nilimtia, lakini hilo la orodha ndilo lililotangulia. Alichokuwa anataka hakikuwa hata kurudishiwa fedha. Kilikuwa kubadilisha jina, fomu ya nusu ukurasa. Ningeisoma barua tu, angejaza, angetia sahihi, angerudi nyumbani akakwambia kwa kinywa chake."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari, na nadhani kwa upande fulani nilitaka.

"Jumamosi ile," alisema Bi Zeyana taratibu, "alirudi anacheka. Nilimuuliza unacheka nini, akasema hamna haraka. Sikumwelewa. Nikamwambia kapumzike. Hata mimi nilimwambia hivyo, Mfaume." Mkeka ulikwaruza. "Sikumwona akicheka tena baada ya siku ile."

Tatu alitoka nje wakati huo, alikwenda uani, na mimi najua alikwenda kufanya nini.

Nilikuwa na kazi bado. Nilimweleza tena, safari hii polepole, kwamba barua imeonyesha alilolitaka marehemu, na kwamba bado linawezekana karibu lote. Kiti chake kiuzwe kwa yule wa pili anayesubiri, fedha ziwekwe kwa ajili ya Humaidi, kiti cha Bi Zeyana kisogezwe, na mwakani kaka na dada wasafiri pamoja. Nauli ikipanda wataongeza kidogo. Ndivyo Sulemani alivyoandika. Nilipomaliza nilijisikia afadhali, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Na yeye?" aliuliza.

"Yeye nani, mama?"

"Sulemani. Kiti chake kikiuzwa, yeye anahiji na nini?"

Kiti kilikuwa kimoja. Kingeuzwa kimpeleke Humaidi mwakani, au kikaliwe na mtu wa badala Desemba ile. Havikuwezekana vyote.

"Aliandika usafiri wewe, dada," alisema Humaidi. "Ameusia."

"Ameandika anachotaka kunilipa. Hakuandika anachotaka yeye, kwa sababu hakuwa mtu wa kujitakia." Nilisikia akijisogeza karibu na pazia, mpaka kitambaa kikatikisika. "Mfaume, unayo risiti yangu? Ile uliyoandika mahari?"

Nakala ya daftari nilikuwa nayo mkobani. Nikasema ndiyo.

"Andika chini yake. Andika kwamba mimi Zeyana nimeipokea mahari yangu leo, kamili, wala simdai. Mashahidi ni Humaidi na mkeo."

"Mama, hujaipokea. Hujafika Makka."

"Amenilipa. Umenisomea mwenyewe, mara mbili. Mtu anayetoa kiti chake mwenyewe ili mkewe aende, huyo mahari amelipa. Andika. Kisha kiti chake mpeni mtu mwema akamhijie."

Nikaandika. Mkono wangu, ambao watu huusifu kwa hati, siku hiyo uliandika vibaya kuliko wa fundi baiskeli. Humaidi alitia sahihi, Tatu akaitwa uani akaja na macho mekundu, akatia ya kwake. Bi Zeyana alipitishiwa karatasi chini ya pazia, ikarudi na jina lake kwa herufi za Kiarabu.

Alhaji Twalibu, aliyekwisha kuhiji mara mbili na hakuwa katika orodha ya mwaka ule, alikubali kuwa badala, hakutaka ujira. Jina lilibadilishwa tarehe ishirini na tano Oktoba. Nilipiga chapa orodha upya, nakala nne, na nilipofika namba kumi na moja niliondoa Sulemani nikaandika Twalibu, na kando yake "kwa niaba ya Sulemani", ingawa hilo nalo halina mahali katika fomu. Treni ilipoondoka kwenda Dar kuwahi ndege, ilipita nyuma ya nyumba ya Kanyenye. Alhaji aliniambia baadaye kwamba alisimama dirishani na kuitazama, mlango ulikuwa umefungwa, kama inavyopasa. Januari alirudi na chupa ya maji ya zamzam, akaiacha barazani, akasema kwa sauti mbele ya mlango kwamba kazi aliyotumwa ameimaliza na kila pahala alilitaja jina. Kutoka ndani alijibiwa ahsante.

Kiti cha Bi Zeyana kilisogezwa hadi mwaka uliofuata. Mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima na nauli ikapanda nayo. Humaidi alishona usiku na mchana. Mwezi wa Julai nilimpigia hesabu, hata nusu ya nauli yake ilikuwa haijafika. Nilikwenda kwa Mwenyekiti, nikaomba kamati imchangie. Wajumbe wakasikitika, lakini mwaka ule kila nyumba ilikuwa na mwenye kusikitikiwa.

Tarehe ishirini na tisa Agosti, Ijumaa, siku mbili kabla ya mwisho wa muda, mwanamke aliyevaa buibui aliingia ofisini kwangu pamoja na Humaidi. Eda ilikwisha tangu Februari. Nilikuwa sijawahi kumwona uso, nilimjua kwa sauti tu.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa kwenye benchi, pale pale alipokaa mumewe. Akatoa bahasha, ikiwa wazi, haina gundi, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Safari hii isome kwanza."

Niliisoma mpaka mwisho. Ilikuwa mistari mitatu, hati ya Humaidi. Bi Zeyana aliomba kujitoa na kurudishiwa fedha zake zote, kwa kuwa hana wa kumpeleka.

Nilitafuta lolote la kumwambia. Nilimtajia kubadilisha jina, nikamtajia mwaka wa kesho, nikijua kifungu cha kusogeza ni mara moja tu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Niko ndani ya muda?" aliuliza.

"Uko ndani ya muda, mama."

"Basi piga muhuri."

Nilifungua kisanduku cha wino. Miezi kumi nyuma ningetoa chochote niweze kumwambia mwanamke huyu ndiyo, na sasa nilikuwa naiweza, na ilikuwa nzito kuliko hapana. Nikapiga muhuri: IMEPOKELEWA, 29 AGOSTI 1975. Nikaandika hati ya malipo. Humaidi alikuwa anatazama nje.

"Pole, Bi Zeyana," nilisema.

"Usinipe pole, Mfaume. Mahari yangu nilishapokea." Alikunja hati ya malipo mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga iliyokuwa ndani ya buibui. "Hizi ni fedha tu."

Aliinuka, akaaga vizuri. Mlangoni alisimama kidogo akilitazama tangazo langu la ukutani na ile mistari miwili myekundu, halafu akatoka na kaka yake. Alipokwisha kwenda nililibandua, nikakaa kuliandika upya, na chini ya neno hazirudishwi nikaongeza: "Lakini njoo, lete barua, itasomwa."